Barua ya Kumpendekeza Aliyekuwa Mfanyakazi Wako: Msaidie Bila Kusema Uongo

Kila msimu wa kuomba ufadhili wa masomo ukifika, vijana waliowahi kufanya kazi katika ofisi zetu hututafuta. Maneno yao hayatofautiani sana: "Ami, nimepata skolashipu ya kuomba, wanataka barua kutoka kwa bosi wangu wa zamani. Niandikie tu barua nzuri." Wengi wetu tunaosimamia ofisi ndogo ndogo hapa Mombasa, Malindi au Lamu hatukufundishwa kuandika barua hiyo. Basi twafanya moja kati ya mawili. Ama twamwambia kijana aiandike mwenyewe atuletee tutie sahihi, au twamwaga sifa: mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii, anayeelewana na watu wote.

Barua zote mbili humharibia. Wanaosoma maombi hayo huletewa mafungu kwa mafungu, na maneno "mchapakazi na mwaminifu" wameyasoma mpaka hayawaambii kitu tena. Barua aliyojiandikia mwombaji nayo hujitambulisha, kwa sababu maneno yake ndiyo yale yale ya insha yake, mpaka makosa ya herufi yanafanana. Ikitokea barua zake mbili za mapendekezo zina sentensi moja, msomaji hahitaji kuuliza tena.

Nimesimamia ofisi ya uwakala wa forodha kwa miaka kadhaa, zile ofisi ambazo watu hapa mjini huziita klaring. Mwaka jana nilimwandikia kijana mmoja aliyekuwa karani wetu wa nyaraka, aliyekuwa akiomba ufadhili wa shahada ya uzamili ya usafirishaji na ugavi. Nimemuomba ruhusa ya kueleza jinsi barua ile ilivyojengwa, naye akakubali bila jina lake kutajwa. Barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza; hapa nitaitoa kwa Kiswahili.

Cheti cha kazi si barua ya mapendekezo

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha kazi, isipokuwa kama alifanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Cheti hicho ni kikavu: jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali pake, na tarehe ya kumaliza. Hakisemi kama mtu alikuwa mzuri au mbaya, na huwezi kumnyima kwa sababu mligombana.

Barua ya mapendekezo ni jambo jingine. Kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa barua inayoeleza tabia au utendaji wa mfanyakazi. Maana yake ni kwamba ukiandika, umeandika kwa hiari yako, na kila neno ni ushahidi wako. Na ukiona huwezi kumuunga mkono kijana kwa ukweli, unayo haki ya kukataa mapema. Mwambie waziwazi: "Mwanangu, mimi siye mtu bora wa kukuandikia hii, ila cheti chako cha kazi kipo, njoo uchukue." Akisikia hayo wiki nne kabla ya siku ya mwisho, atapata mtu mwingine. Barua ya baridi baridi inamuumiza kuliko kukataliwa, kwa sababu yeye haioni na hajui kilichomwangusha.

Uliza kabla ya kushika kalamu

Yule kijana aliponipigia nilimuomba aniletee vitu vinne: tangazo la ufadhili, insha aliyoiandika, wasifukazi wake, na tarehe ya mwisho ya kutuma. Wengi hupuuza hatua hii, na ndiyo inayoamua barua itasema nini. Kila ufadhili una linalotafutwa. Chevening, kwa mfano, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, huuliza uongozi na uwezo wa kujenga mahusiano na watu, humtaka mwombaji awe na angalau saa 2,800 za kazi, na humtaka arudi nyumbani akae miaka miwili baada ya masomo. Mwingine huangalia zaidi alama za chuo, na mwingine huangalia hali ya familia. Barua inayosifu usafi wa dawati la mtu, wakati wafadhili wameuliza uongozi, haijajibu swali.

Wasifukazi nao una kazi yake. Wa kijana wetu ulisema alifanya kazi kwetu kuanzia Februari 2021 hadi Agosti 2023. Nilipofungua faili nikaona miezi mitatu ya kwanza alikuwa kwenye atachimenti, na mkataba wa ajira ulianza tarehe 1 Mei. Hakudanganya, kwa sababu alikuwa akija ofisini kila siku. Lakini lau barua yangu ingesema Mei na karatasi yake ikasema Februari, bila maelezo, msomaji angeona watu wawili wanaopingana. Basi tukaandika sote vile vile: atachimenti Februari hadi Aprili, ajira Mei 2021 hadi Agosti 2023.

Tarehe hizo ndizo pia zinazobeba hesabu ya saa. Ofisi yetu hufanya kazi saa nane kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa tano Jumamosi. Hizo ni saa 45 kwa wiki. Miezi 28 ya ajira ni kama wiki 121. Hata ukitoa likizo na sikukuu, zabaki zaidi ya saa 4,500. Niliandika siku na saa za kazi katika sentensi moja, ili anayehesabu asilazimike kubahatisha.

Sifa moja yenye tukio lake

Kiini cha barua ni pale unapoeleza ulichokiona kwa macho yako. Nilijiuliza: katika miezi yote ile, ni jambo gani kijana huyu alilifanya ambalo ofisi isingelikuwa nalo bila yeye? Jibu likaja kupitia kosa lake.

Mwaka wa pili aliingiza kwenye mfumo wa forodha uzito wa kontena usiolingana na ule ulioandikwa kwenye manifesti ya meli. Tamko likarudishwa, ikabidi lirekebishwe, na kontena likakaa bandarini siku mbili zaidi huku gharama ya kuhifadhiwa ikipanda. Kabla mteja hajalalamika na kabla mimi sijajua, yeye mwenyewe alikuja mezani kwangu na karatasi zote mbili mkononi akanionyesha alipokosea. Wiki iliyofuata akaleta fomu ya ukurasa mmoja yenye mambo kumi na mawili ya kukaguliwa na mtu wa pili kabla tamko lolote halijatumwa. Nilikwenda kwenye daftari letu kuhesabu. Miezi sita kabla ya fomu ile tulirudishiwa matamko saba. Miezi sita baada yake yalirudi mawili. Fomu tunaitumia hadi leo.

Wapo wangesema kosa hilo lifichwe. Mimi niliona ndilo lililomjenga. Sehemu hiyo ya barua ilisomeka hivi:

"Katika mwaka wake wa pili alifanya kosa la kuingiza uzito wa kontena, na kosa hilo lilimgharimu mteja wetu siku mbili. Aliniarifu mwenyewe kabla halijagunduliwa. Kisha akabuni orodha ya ukaguzi ambayo sasa inatumiwa na makarani wetu wote. Matamko yaliyorudishwa kwa marekebisho yalipungua kutoka saba hadi mawili katika miezi sita iliyofuata, kwa mujibu wa daftari la ofisi. Kati ya makarani wanane niliowasimamia, namweka miongoni mwa wawili bora kwa umakini."

Tazama sentensi ya mwisho. Ningeweza kuandika "ni karani bora kabisa niliyewahi kumwona", na msomaji angepita bila kusimama. "Wawili bora kati ya wanane" ni kipimo. Ni sifa ndogo kuliko ile ya kwanza kwa sauti, lakini inaaminika, kwa sababu anayesema hivyo ameonyesha anajua kuhesabu na hakumpa kila mtu nafasi ya kwanza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Udhaifu uliobaki

Kosa lililokwisha rekebishwa ni rahisi kuliandika. Kazi ngumu ni udhaifu ambao mtu bado anao, tena unaogusa kile hasa kinachoulizwa. Kijana wetu ni mkimya. Kwenye mkutano na wateja wakubwa au maafisa, husema mwisho, na wakati mwingine hasemi kabisa mpaka aulizwe. Na ufadhili aliouomba ulikuwa ukiuliza uongozi.

Nilikuwa na njia tatu. Kuandika kwamba ni kiongozi shupavu anayezungumza mbele ya watu kungekuwa uongo, na uongo huo ungefichuka kwenye usaili ndani ya dakika kumi. Kunyamaza kabisa juu ya uongozi kungekuwa kumhukumu, kwa sababu msomaji akiona swali halikujibiwa hudhani jibu ni baya. Njia ya tatu ilikuwa kueleza uongozi wake ulivyo, kisha kutaja mpaka wake. Ndiyo niliyoifuata.

Nilikumbuka kwamba mwaka wake wa mwisho alipewa wanafunzi wawili wa atachimenti awasimamie. Aliwaketisha kila asubuhi nusu saa, akawapitisha hati moja moja, na mmoja wao leo ndiye karani wetu. Nilikumbuka pia kwamba shehena ikikwama, makarani wa bandarini na wa mabohari ya kontena walikuwa wakipokea simu yake haraka kuliko yangu, kwa sababu wanajua hapigi bila sababu na hati zake huwa kamili. Hayo ni mahusiano, ingawa hayafanani na yale ya mtu wa kupanda jukwaani. Nikaandika:

"Uongozi wake ni wa kufundisha na kuaminiwa. Kwenye mikutano mikubwa bado ni mkimya na huhitaji kuulizwa ndipo atoe maoni yake, ingawa maoni hayo akiyatoa huwa yamepimwa. Naamini masomo yanayomlazimu kujadiliana na wenzake yatamsaidia hasa katika jambo hili."

Sentensi tatu: nguvu, mpaka wa nguvu hiyo, na kwa nini masomo yenyewe yanahusika. Udhaifu uwe mmoja, uwe wa kweli, na upewe ukubwa wake halisi. Usilete ule udhaifu wa kujifanya, "tatizo lake ni kwamba anafanya kazi kupita kiasi", maana huo hakuna anayeuamini. Wala usirundike mambo matano ukidhani ndiyo ukweli. Barua ya ukurasa mmoja hadi mmoja na nusu ikiwa na kasoro tatu, msomaji atakumbuka kasoro peke yake.

Nilimpigia simu kabla ya kutuma nikamwambia nitataja ukimya wake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni kweli, ami. Heri waisikie kwako." Sikuwa naomba ruhusa ya kusema kweli. Nilitaka tu asije akaulizwa kwenye usaili jambo ambalo hakujua limeandikwa.

Alivyoondoka

Palikuwa na jambo moja zaidi. Mkataba wetu ulitaka notisi ya siku 28, naye aliondoka kwa notisi ya siku saba, wakati ambapo mizigo ilikuwa mingi. Ilituuma wakati ule. Je, hilo liingie kwenye barua?

Kanuni ninayoifuata ni hii: jibu unachoulizwa, na usijenge ukuta wa uongo kuzunguka ambacho hukuulizwa. Fomu ikiwa haiulizi namna mtu alivyoondoka, waweza kunyamaza, kwa kuwa notisi fupi haielezi kama mtu anaweza kusoma shahada ya uzamili. Lakini ukinyamaza, usiandike tena "aliondoka kwa kufuata utaratibu wote". Kunyamaza kunaruhusiwa, kufunika hakuruhusiwi.

Fomu ya kijana huyu iliuliza sababu ya kuondoka, na kama ningemwajiri tena. Alikuwa ameondoka kumuuguza mamake kijijini, na mimi nilikuwa nalijua hilo. Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hukosea. Kwa kutaka kumtetea, ungeandika ugonjwa wa mama yake wote. Ila Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya na habari za familia ya mtu kuwa data nyeti, pamoja na ndoa, imani na asili yake. Hata bila sheria, hizo ni siri za nyumba ya watu. Nikamuuliza kama anataka sababu itajwe. Akaniambia niseme "sababu za kifamilia" na nisizidishe. Nikaandika: "Aliondoka kwa notisi ya siku saba badala ya 28, kwa sababu za kifamilia alizonieleza wakati huo. Alikabidhi mafaili yake yote yakiwa na maelezo ya maandishi. Ningemwajiri tena." Sentensi hiyo ya mwisho, yenye maneno mawili tu, ina uzito kuliko aya nzima ya sifa, na ndiyo sababu usiiandike kama huimaanishi.

Vivyo hivyo, usiandike mambo uliyoyasikia tu. Habari kwamba alikuwa na deni mtaani, au kwamba aliachana na mkewe, au kwamba ni mtoto wa fulani, hazikutokea mezani pako. Wengine huingiza hata sifa za ibada, "ni kijana wa msikitini", wakidhani wanamsaidia. Wafadhili hawakuuliza hilo, nawe si shahidi wake katika hilo.

Je, si kusengenya?

Waislamu wenzangu huniuliza kama kutaja kasoro ya mtu kwenye barua si kumsengenya. Wanazuoni wameshalieleza jambo hili kupitia kisa cha Bibi Fatima bint Qays, alipomtaka Mtume (S.A.W.) ushauri kuhusu wanaume wawili waliomposa. Mtume alimtajia jambo la kila mmoja wao lililohusu ndoa, kwamba mmoja ni maskini asiye na mali na mwingine ni mkali kwa wake, akamshauri aolewe na wa tatu. Kutokana na hapo wakasema anayeombwa ushauri aruhusiwe kutaja kasoro inayohusika na jambo lililoulizwa, kwa kadiri ya haja. Ukisoma tena barua niliyoieleza, mipaka ni hiyo hiyo: umeulizwa, jambo linahusika, na hukuzidisha.

Kabla ya kutuma

Yamebaki madogo yanayoweza kuiangusha barua nzuri. Anza kwa kusema wewe ni nani, ulimsimamia moja kwa moja au kupitia mtu mwingine, na kwa muda gani. Kama msimamizi wake wa kila siku alikuwa karani mkuu, na wewe mkurugenzi ulimwona mara moja kwa wiki, karani mkuu aandike. Wasomaji hupima ukaribu kuliko cheo. Tumia karatasi yenye nembo ya ofisi, weka tarehe, sahihi, muhuri na nambari ya simu unayoipokea, maana mara nyingine hupiga kuhakikisha. Kama mfumo wao hutuma kiungo kwa barua pepe, mpe kijana anwani ya ofisi ukiwa nayo, na uangalie hata kwenye folda ya taka. Nakala ibaki kwenye faili, kwa sababu mwakani huenda akaomba ufadhili mwingine, na barua ya pili isiyolingana na ya kwanza itamtia mashakani.

Na barua ya mwaka jana usiitume mwaka huu kwa kubadilisha tarehe tu. Muombe tena tangazo jipya usome wanachouliza. Yule kijana atakapokuja kuomba barua ya ufadhili mwingine, tukio la kontena litabaki lile lile, lakini kama wanaouliza hawajali uongozi, aya ya ukimya wake haitahitajika.